Saa tano ya mteja, mstari wa nane wa seva

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie namna ya kusoma logi ya seva kwa Excel bila kuandika skripti hata moja, na nimeambiwa wengi humu ukumbini ni wahasibu, watu wa mapokezi na mafundi wa ofisi ndogo ndogo za hapa Moshi. Basi sikuja na nadharia. Nimekuja na faili moja, la ofisi moja, la wiki moja, na aibu niliyoipata nilipolisoma vibaya mara ya kwanza.

Ofisi yenyewe inapandisha wageni mlimani. Sitaitaja. Wageni wao wanalipia kwenye tovuti, na msimamizi wa pale, dada mmoja mwenye subira kuliko mimi, alinipigia simu akasema: "Fundi, ikifika saa tano asubuhi malipo hayapiti. Ikifika saa tano na robo yanapita. Wewe ukija saa sita unakuta kila kitu kizima, unaniona mwongo." Nilikuwa nimeshakwenda mara mbili, na kweli nilikuwa nimeanza kumwona mwongo.

Seva yao ina ukurasa wa usimamizi wenye kitufe cha kupakua logi kama CSV, yaani maandishi matupu ambayo safu zake zimetenganishwa kwa koma. Nilipakua ya Jumatatu tarehe 14 hadi Jumapili tarehe 20 Julai 2025. Ikaja na mistari 41,860, kila mstari ombi moja lililofika kwenye tovuti. Mistari miwili ya kwanza ya kuangalia ni hii, vichwa vya safu na ombi mojawapo:

```
time,method,path,status,ms
2025-07-14T08:03:47Z,POST,/malipo/thibitisha,504,60002
```

Safu ya `status` ndiyo jibu ambalo seva ilimpa mgeni. 200 maana yake amepata alichotaka. 404, hakipo. 500, programu imeanguka. 504 ni kwamba seva ya mbele, ile inayopokea wageni, imemngoja mwenzake wa nyuma mpaka muda ukaisha, haikujibiwa. Kwa kazi ya leo hizo zinatosha. Safu ya `ms` ni muda uliotumika, kwa milisekunde, na nitairudia baadaye kwa sababu ndiyo iliyomaliza ubishi.

Kabla ya lolote, nenda chini kabisa ya faili kwa Ctrl na End. Excel inachukua mistari 1,048,576 kwa karatasi moja, basi. Faili likizidi hapo, Excel inakuonya mara moja tu, unabofya OK kwa haraka, na sehemu ya mwisho ya wiki yako haipo. Mara nyingi zaidi anayekata faili ni ukurasa wenyewe wa kupakulia. Ukiona mistari 10,000 kamili, au namba yoyote iliyonyooka hivyo, usiamini. Tazama muda wa mstari wa kwanza na wa mwisho uone kama unafunika siku ulizoomba. Langu lilifunika.

Sasa aibu. Nilitaka saa tu, basi kwenye safu tupu ya F nikaandika fomula ya kukata herufi mbili za saa kutoka kwenye maandishi ya muda:

```
=MID(A2,12,2)
```

Nikaivuta hadi chini, nikaipa safu kichwa `saa`, nikasimama ndani ya data, nikaenda Insert, kisha PivotTable, yaani pivoti, jedwali linalokuhesabia data kwa makundi. Upande wa kulia unatokea mlango wenye vyumba vinne. `saa` nikaiburuta kwenye Rows. `status` nikaiburuta kwenye Columns. Kisha `status` ileile nikaiburuta tena kwenye Values, maana hakuna sheria inayoizuia safu moja kukaa vyumba viwili. Ukitazama matokeo, kila saa ina mstari wake, kila jibu lina safu yake, na ndani ya seli kuna idadi.

Ila ile idadi haikuwa idadi. Seli moja ilikuwa na 107,856, kwenye faili lenye mistari elfu arobaini na moja. Hapa ndipo wengi wanapofunga kompyuta wakasema pivoti ni za wenye shahada. Kilichotokea ni chepesi: Excel ikikuta safu ya Values ni namba tupu, inazijumlisha. Imechukua 504 ikaijumlisha na 504 na 504 nyingine, kana kwamba ni shilingi. Gawa 107,856 kwa 504 upate 214 kamili, bila salio, na hiyo ndiyo dalili yake. Dawa ni kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya seli yoyote ya pivoti, kuchagua Summarize Values By, kisha Count. Wanaotumia Google Sheets wana kitu hichohicho kwenye Summarize by, wachague COUNTA. Jibu la seva ni jina lililovaa tarakimu. Halijumlishwi, kama vile hujumlishi namba za simu.

Baada ya kuirekebisha, nikaenda moja kwa moja kwenye mstari wa 11, kwa sababu dada alisema saa tano asubuhi, na saa tano ni 11:00. Safu ya 504 ilikuwa na 2. Mbili kwa wiki nzima. Nikajisemea, si nilijua.

Lakini jicho halidanganywi na kitu kirefu kwenye safu ya vitu vifupi. Kwenye mstari wa 08, safu hiyohiyo ya 504 ilikuwa na 214. Mistari mingine yote ilikuwa na sifuri hadi sita. Nikampigia kijana anayeitunza seva ile, nikamwambia, "Tatizo limekaa nane." Naye ni Mswahili kama mimi, akasikia saa nane. Siku iliyofuata saa nane mchana akaacha chakula chake akakaa kuitazama seva. Haikufanya lolote.

Tuko watu watatu tunaozungumzia dakika ileile moja. Dada anasema saa tano, kwa sababu sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Saa ya ukutani inasema 11:00. Seva inasema 08, kwa sababu ile herufi `Z` mwishoni mwa muda maana yake ni UTC, saa moja ya dunia nzima ambayo seva nyingi huifuata, na saa zetu za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC kwa saa tatu. Kitabu chochote cha Excel kilichoandikwa ng'ambo kitakuonya juu ya saa za UTC. Hakuna kitakachokuonya juu ya saa tano, maana mwandishi wake hajui kwamba tano ni kumi na moja. Hilo ni letu wenyewe.

Kwa hiyo nilifuta safu yangu ya F nikaanza upya, nikaweka safu tatu za msaada. Ya kwanza, F, inayageuza yale maandishi kuwa muda halisi na kuongeza saa tatu:

```
=DATEVALUE(LEFT(A2,10))+TIMEVALUE(MID(A2,12,8))+3/24
```

Isome taratibu. Herufi kumi za kwanza ni tarehe. Herufi ya kumi na moja ni ile `T`, tunairuka. Kuanzia ya kumi na mbili, herufi nane ni muda. Kwa Excel siku nzima ni 1, kwa hiyo saa tatu ni 3 gawanya kwa 24. Ukiona imekupa namba kama 45852.46 usishtuke, ndivyo Excel inavyotunza tarehe. Mpe seli umbo la tarehe na saa utaiona vizuri. Kompyuta nyingine, kwa jinsi zilivyopangwa, hutaka nukta mkato mahali pa koma ndani ya fomula. Ikigoma, jaribu hiyo kwanza.

Safu ya G ni saa na safu ya H ni siku:

```
=HOUR(F2)
=INT(F2)
```

Mtu ataniuliza, na huwa naulizwa, kwa nini nisitumie Group ya pivoti yenyewe, ambayo inaweza kugawa tarehe kwa saa bila fomula. Inaweza, na ni nzuri. Lakini inahitaji safu nzima iwe tarehe halisi, na muda wenye `T` katikati na `Z` mwishoni ukifunguliwa hivihivi kwenye Excel unabaki maandishi. Utajua kwa kutazama: maandishi yanaegemea kushoto mwa seli, tarehe na namba zinaegemea kulia. Ukilazimisha, Excel itakujibu "Cannot group that selection" na haitakwambia ni mstari upi uliokosea. Fomula yangu ikikuta mstari mbovu inaandika `#VALUE!`, na kwenye pivoti mistari hiyo mibovu inakaa pamoja mahali pake, naiona na kuihesabu. Napenda kosa linalojitokeza hadharani.

Nikatengeneza pivoti upya, safari hii na G kwenye Rows. Sasa mstari wa 11 ndio uliokuwa na 214, kati ya maombi 3,120 ya saa ile kwa wiki nzima. Dada hakuwa mwongo. Karibu ombi 7 katika kila 100 lilikuwa linakufa saa tano asubuhi, na ukizingatia kwamba maombi mengi ni picha na kurasa tu za kutazama, wanaolipa ndio walikuwa wanaumia zaidi.

Hapo nilitaka kuharakisha, lakini mstari mmoja wa saa umekusanya siku saba. 214 inaweza kuwa thelathini kila siku, au inaweza kuwa Jumatano moja mbaya ambayo haitarudi. Hizo ni ajali mbili tofauti na mafundi wawili tofauti. Kwa hiyo niliiweka `status` kwenye Filters, nikachagua 504 peke yake, na ile safu ya siku nikaiweka kwenye Columns ilipokuwa `status`. Mstari wa 11 ukasomeka hivi: Jumatatu 31, Jumanne 38, Jumatano 40, Alhamisi 36, Ijumaa 42, Jumamosi 27. Jumapili hakuna.

Seva haiendi kanisani. Kitu kinachofanya kazi siku sita na kupumzika Jumapili kimepangwa na mtu.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba pivoti ile ya siku ilikuwa na uwezo wa kuonyesha siku nane, si saba. Ukiongeza saa tatu, maombi ya Jumapili kuanzia 21:00 UTC yanahamia Jumatatu inayofuata, na Jumatatu yako ya kwanza inaanzia 03:00, yaani saa tisa usiku. Kwa hiyo usilinganishe jumla ya siku ya kwanza na nyingine, ni pungufu. Ukitaka wiki kamili ya hapa kwetu, pakua siku moja zaidi mwanzoni, kisha uchuje.

Sasa jambo ambalo hata wahasibu wanaoishi ndani ya pivoti baadhi yao hawalijui. Bofya mara mbili juu ya ile seli ya 214. Excel inafungua karatasi mpya yenye mistari 214 ile ile, na safu zake zote. Huna haja ya kutafuta wala kuchuja. Mimi ndipo nilipoona kisa chenyewe: mistari 209 kati yake ilikuwa na njia moja, `/malipo/thibitisha`. Muda wa mapema kabisa ulikuwa 11:01 na sekunde nne, wa mwisho 11:12 na sekunde hamsini. Na safu ya `ms`, yote, juu hadi chini, ilikuwa elfu sitini na kitu kidogo: 60,002, 60,001, 60,004.

Sekunde sitini kamili ndio muda ambao seva ile ya mbele ilikuwa imepangiwa kungoja. Maana yake maombi yale hayakuwa yanakosea. Yalikuwa yamesimama foleni mbele ya mlango uliofungwa, mpaka yakafukuzwa. Na kwa kuwa logi ya seva ile inaandika ombi linapomalizika, wala si linapoanza, la kwanza lililofukuzwa 11:01 lilibisha hodi 11:00. Mlango ulifungwa saa tano kamili.

Nikampigia yule kijana tena, safari hii nikataja saa kwa tarakimu nne. Akafungua ratiba ya kazi za seva, akanyamaza, akanisomea mstari wa bakapu, yaani nakala ya akiba, ya hifadhidata:

```
0 8 * * 1-6
```

Dakika sifuri, saa nane ya seva, Jumatatu hadi Jumamosi. Aliyeipanga alitaka bakapu ichukuliwe saa tano usiku, wakati ofisi imelala. Akajua saa tano ni kumi na moja, akajua seva ni ya UTC, akatoa tatu akapata nane. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, ila alisahau usiku. Saa tano usiku ni 23:00, toa tatu ni 20. Bakapu ile ilikuwa inayafunga majedwali ya malipo kwa dakika kumi na mbili hivi, asubuhi kweupe, siku sita kwa wiki.

Wengine wenu mtapenda kuweka saa za Kiswahili kwenye ripoti ili bosi asome. Fomula yake ni hii, ukiwa na saa ya kawaida kwenye G:

```
=MOD(G2+5,12)+1
```

Kumi na moja inatoa tano. Lakini ishirini na tatu nayo inatoa tano. Ukiiweka hiyo kwenye Rows, saa tano asubuhi na saa tano usiku zinalala kitanda kimoja, na utakuwa umelirudia kosa la aliyepanga bakapu, ndani ya jedwali safari hii. Iandike pembeni kama maelezo, Rows iachie 0 hadi 23.

Na hizo 0 hadi 23, zihesabu. Pivoti inahesabu kilichoandikwa tu. Saa ambayo haikupata ombi hata moja haiji na sifuri, haiji kabisa, mstari wake haupo. Seva ikizimika saa nzima kila siku utaona jedwali safi lenye mistari 23, halina kosa hata moja. Kuna ofisi niliwahi kuipa ripoti ya namna hiyo na kuwapongeza. Tuendelee.

Asilimia nazo zina hila zake. Ukichagua Show Values As, kisha % of Row Total, kila saa inajisomea kwa mia yake, na hapo mstari wa 2, yaani saa nane usiku, ulinitisha: asilimia 61 ya majibu yake ni 404. Nikazima asilimia nikaona ni maombi 110 kati ya 180 kwa wiki nzima. Nikabofya mara mbili. Yote yalikuwa yanatafuta `/wp-login.php` kwenye tovuti ambayo haijawahi kutumia WordPress. Ni roboti za mtandaoni zinazozunguka kujaribu vitasa vya milango. Tazama asilimia, lakini weka na idadi pembeni yake. Unaweza kuiburuta `status` mara mbili kwenye Values, moja idadi, nyingine asilimia.

Bakapu ikahamishwa kwenda `0 20`. Wiki iliyofuata nikabandika logi mpya juu ya ile ya zamani, nikabofya Refresh, kwa sababu pivoti haijisasishi yenyewe, na kama data yako hukuigeuza kuwa jedwali kwa Ctrl na T, hata Refresh haitaiona mistari iliyozidi mpaka wa zamani. Mstari wa 11 ulikuwa na 504 tatu. Dada alifurahi. Mimi nikashuka hadi mstari wa 23, ambao wiki iliyotangulia ulikuwa na moja. Sasa ulikuwa na 19.

Saa tano usiku Moshi tumelala, lakini New York mwezi wa Julai ni saa kumi alasiri, mtu yuko mezani na kadi yake ya benki anatafuta safari ya Kilimanjaro. Tulikuwa tumehamisha mateso kutoka kwa wateja wa asubuhi kwenda kwa wateja wa ng'ambo. Na dawa ilikuwepo kwenye pivoti ileile tangu siku ya kwanza, kwenye ile safu ya Grand Total ya pembeni ambayo sikuwa nimeitazama: saa yenye maombi machache kuliko zote ilikuwa 4, saa kumi alfajiri, maombi 96 kwa wiki nzima. Nilibofya mara mbili kuhakikisha ni akina nani. Tukatoa tatu, tukaandika `0 1`, na kijana akanisomea kwenye simu mara mbili, tarakimu kwa tarakimu.

Wiki ya tatu 504 za saa ile zilikuwa nne. Zote roboti.